Tigo Imekuwa Yas: Namba Ipi Ipande?

Wanachuo wenzangu, kuna ubishi umekaa kwenye kundi letu la waandika programu tangu muhula uliopita, na kwa kuwa mimi ndiye mtunzaji wa kinachobishaniwa, naomba kurasa hizi nijieleze. Ubishi wenyewe ukiusikia kwa mbali utacheka. Ni hivi: kubadilisha neno moja, `"Tigo"` liwe `"Yas"`, ni badiliko dogo au ni badiliko linalovunja?

Wengi waliniambia ni dogo. Wengine walienda mbali wakasema si badiliko hata kidogo, ni kusahihisha tu. Mimi nimepandisha namba ya kwanza ya toleo, kutoka 1 kwenda 2, jambo ambalo kwa kawaida watu hulifanya wakiwa wameandika upya nusu ya kazi. Jamaa mmoja akaniuliza, "Kaka, neno moja tu unatuletea toleo la pili, kuna nini ndani?" Hakuna kitu ndani. Ndiyo maana nataka tuelewane.

Kwa wasiosoma kompyuta, maktaba ninayoizungumzia si ile ya kugombania viti wiki ya mitihani. Ni fungu la msimbo ambalo mtu mmoja ameuandika ili wengine waliite ndani ya programu zao badala ya kuanza upya. Maktaba yangu ni ndogo mno. Unaipa namba ya simu ya Tanzania, yenyewe inatazama tarakimu za mwanzo na kukurudishia jina la mtandao uliotengewa tarakimu hizo: 071 ni Tigo, 075 ni Vodacom, 078 ni Airtel, 073 ni TTCL, na kadhalika. Fankisheni inayofanya kazi hiyo nimeiita `mtandao`. Maelezo ya matumizi yanasema wazi kwamba haijui mtu amehamia wapi, maana tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake. Inajua tu namba ilizaliwa wapi.

Novemba 2024 Tigo ikabadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mabango yakabadilika, fulana za mawakala zikabadilika. Maktaba yangu ikabaki inasema Tigo. Hapo ndipo ombi likaja: badilisha, toa toleo jipya, tumalize.

Kabla ya kusema namba ipi ipande, tukumbushane namba zenyewe zinasema nini. Utaratibu tunaoufuata wengi unaitwa Semantic Versioning, kwa kifupi semver. Aliyeuandika ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, na andiko linalotumika leo ni toleo lake la 2.0.0. Namba ya toleo ina sehemu tatu zilizotengwa kwa nukta, tuseme 1.4.2. Ukirekebisha hitilafu bila kumvuruga mtumiaji, unapandisha ya mwisho: 1.4.3. Ukiongeza kitu kipya huku vya zamani vikibaki kama vilivyokuwa, unapandisha ya katikati: 1.5.0. Ukibadilisha kitu kwa namna ambayo programu iliyokuwa ikifanya kazi inaweza kuacha kufanya kazi, unapandisha ya kwanza: 2.0.0.

Sharti la kwanza kabisa katika andiko hilo, ambalo wengi hulipita mbio, ni kwamba lazima kwanza utangaze unaahidi nini. Yaani useme hizi ndizo fankisheni za kutumia, zinapokea hiki, zinarudisha kile. Bila tangazo hilo neno "kuvunja" halina maana, kwa sababu huwezi kuvunja usichoahidi. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa hugeuka ugomvi.

Basi tuchukue mabadiliko matatu yaliyokuwa yananisubiri kwa pamoja, tuyapime moja moja. Yote matatu ni madogo kwa kuyatazama. Kila moja limepata namba yake tofauti.

La kwanza ni la TTCL. Kwenye jedwali la ndani ya msimbo, jina hilo lilikuwa na nafasi tupu mwishoni. Fankisheni ilirudisha `"TTCL "` badala ya `"TTCL"`. Kwa macho huoni kitu, ila kompyuta inaona. Aliyelinganisha jibu na `"TTCL"` kama maelezo yanavyosema, hakupata kitu, akashangaa. Kuiondoa nafasi hiyo ni kuirudisha maktaba kwenye ahadi yake. Hii ni 1.4.3 bila mjadala mrefu.

Lakini mjadala mfupi upo. Inawezekana kabisa kuna mtu, baada ya kuhangaika usiku kucha, aligundua ile nafasi na akaandika programu yake ilinganishe na `"TTCL "`, nafasi ikiwemo. Kwake yeye, sahihisho langu linavunja. Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google, alisema jambo ambalo sasa linaitwa sheria ya Hyrum: watumiaji wakishakuwa wengi vya kutosha, ulichoahidi katika mkataba hakijalishi tena, kila tabia ya mfumo wako inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea. Ukiifuata sheria hiyo mpaka mwisho wake, kila badiliko linavunja, hata kuongeza kasi. Ukifika hapo kila toleo litapanda namba ya kwanza, na namba ambayo hupanda kila mara haimwambii mtu chochote. Ni kama king'ora kinacholia mchana na usiku, watu wataziba masikio tu. Kwa hiyo huyo wa nafasi tupu namwonea huruma, ila simpandishii namba. Nilichoahidi kimeandikwa, na yeye alitegemea kisichoandikwa.

La pili ni kuongeza fankisheni mpya. Nitaieleza mbele ilifanya kazi gani. Kwa sasa itoshe kusema kwamba programu zote za zamani zinaendelea vilevile, hakuna anayelazimika kuigusa. Hiyo ni 1.5.0.

La tatu ni hilo la Tigo na Yas. Hapa ndipo kundi liligawanyika.

Hoja ya wenzangu haikuwa ya kipuuzi. Walisema: maelezo yako yanasema fankisheni inarudisha "jina la mtandao". Jina la mtandao leo ni Yas. Ukirudisha Tigo unasema uongo. Kuondoa uongo ni kurekebisha hitilafu, kama vile ulivyoondoa nafasi tupu ya TTCL. Kwa hiyo ni 1.4.3, twende. Tena wakaongeza kwamba fankisheni haijabadilika jina, inapokea kilekile, inarudisha maandishi kama zamani. Hakuna programu itakayogoma kuwaka.

Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote. Ngoja nieleze kwa kutumia programu ninayoifahamu mstari kwa mstari, kwa sababu mwenye nayo ni mjomba wangu.

Mjomba yuko Bulwa, juu kule Usambara Mashariki, kwenye mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi. Yeye si mtu wa chai, ananunua iliki kwa wakulima wadogo. Mkulima analeta iliki kavu, inapimwa, kilo zinaandikwa, malipo yanafanyika. Kijana mmoja wa palepale kijijini aliyepitia chuo alimtengenezea programu ya kupanga malipo. Mjomba hutuma fedha kwa laini yake ya Tigo, na kutuma ndani ya mtandao mmoja kulimpunguzia makato. Kwa hiyo programu inawagawa wakulima mafungu mawili: wenye namba za Tigo wanalipwa kwa simu jioni ileile, waliobaki wanalipwa taslimu siku ya soko. Sehemu inayogawa ni hii:

```python
if mtandao(namba) == "Tigo":
    malipo_ya_simu.append(mkulima)
else:
    malipo_taslimu.append(mkulima)
```

Msimbo huu hauna kosa. Aliyeuandika alisoma maelezo yangu, akaona jedwali lenye 071 upande mmoja na `"Tigo"` upande wa pili, akalinganisha na neno hilohilo. Hakutegemea nafasi tupu wala siri yoyote. Alitegemea nilichoandika.

Sasa angalia kinachotokea kama ningewasikiliza wenzangu na kutoa 1.4.3 yenye Yas ndani. Kwenye faili la mahitaji la programu ya mjomba, maktaba yangu imeandikwa hivi:

```
~=1.4
```

Alama hiyo kwa `pip` maana yake ni: nipe toleo lolote kuanzia 1.4 kwenda juu, mradi lisifike 2. Ni ruhusa. Mtumiaji anamwambia mtunzaji, "Nakuamini, niletee marekebisho yako bila kuniuliza, ila ukitaka kunivunjia subiri mpaka nije mwenyewe." Siku mjomba atakaponunua kompyuta nyingine na yule kijana akasakinisha upya, `pip` italeta 1.4.3. Programu itawaka. Haitaandika kosa lolote. Kila namba ya 071 itarudi `"Yas"`, ambayo si sawa na `"Tigo"`, kwa hiyo itaangukia kwenye `else`. Fungu la malipo ya simu litakuwa tupu, na wakulima wote watahamia fungu la taslimu.

Nani atajua? Si kompyuta. Atajua mama aliyepanda mlima na gunia lake akiamini jioni atasikia mlio wa simu, halafu usiku ukapita kimya. Na mjomba atajua siku ya soko, foleni itakapokuwa ndefu kuliko fedha aliyokuja nayo mfukoni. Watatafuta kosa kwenye simu, kwenye wakala, kwenye mnara. Mahali pa mwisho kabisa pa kutafuta patakuwa neno moja ndani ya maktaba iliyopanda kutoka 1.4.2 kwenda 1.4.3.

Linganisheni na mvunjiko wa aina nyingine ambao baadhi yenu mliosoma Flask mnaukumbuka. Februari 2022 maktaba iitwayo MarkupSafe ilitoa toleo la 2.1.0 na kuiondoa fankisheni `soft_unicode`. Jinja2 ya zamani, ya mfululizo wa 2, ilikuwa inaihitaji, na ilikuwa imeomba MarkupSafe bila kuweka kikomo cha juu. Waliosakinisha upya siku hizo walikutana na hiki:

```
ImportError: cannot import name 'soft_unicode' from 'markupsafe'
```

Kelele ilikuwa kubwa, kazi za watu zilisimama dunia nzima. Lakini tazama wema wa kelele hiyo. Programu iligoma kabla haijafanya lolote, na kosa lilitaja jina la maktaba na jina la kilichokosekana. Ukilisoma mara moja umeshajua pa kwenda. Suluhisho lilikuwa mstari mmoja: jifunge kwenye 2.0.1, au pandisha Jinja2.

Mvunjiko wa kelele unaharibu mchana wako. Mvunjiko wa kimya unaharibu hesabu zako na kukuacha ukidhani ziko salama. Kwa hiyo mtu akiniambia "haitagoma kuwaka" kama sababu ya kuliita badiliko dogo, mimi naona ni sababu ya kuliita kubwa. Kama ingegoma kuwaka, angalau ingejitetea.

Hapa ndipo ninaposimama, na huu ndio mtihani wangu. Sijiulizi nimegusa mistari mingapi ya msimbo. Sijiulizi hata kama jibu jipya ni sahihi zaidi kuliko la zamani. Najiuliza hivi: mtu aliyeandika programu yake kwa kufuata maelezo niliyomwandikia, akipokea toleo hili bila kugusa mstari wake hata mmoja, je, programu yake itafanya kitu tofauti na alichokusudia? Kama ndiyo, linavunja. Mtu wa nafasi tupu hakufuata maelezo, basi si yeye. Kijana wa Bulwa alifuata, basi ni yeye.

Kuna njia ya kuufanya mtihani huo kwa mikono badala ya kwa maneno, na ndiyo ninayoitumia kila toleo. Nachukua majaribio, yale ya kuhakiki msimbo, kutoka toleo lililopita, kama yalivyo. Nayaendesha juu ya msimbo mpya. Yakipita yote, nina haki ya kufikiria namba ndogo. Jaribio moja likianguka, na njia pekee ya kulipitisha ikawa ni kulihariri jaribio lenyewe, basi nasimama. Maana jaribio langu la zamani ni mtumiaji wangu wa kwanza. Kama namlazimisha yeye abadilike, nitawalazimisha na wengine. Nilipoweka Yas, jaribio la 071 lilianguka papo hapo. Nilipoondoa nafasi ya TTCL hakuna lililoanguka, kwa sababu hakuna jaribio lililowahi kuahidi nafasi hiyo. Mtihani huu una mpaka wake: hauoni ambacho hukuwahi kukijaribu. Maktaba isiyo na majaribio ya maana itapita kila mara, kama mwanafunzi anayejisahihishia mwenyewe karatasi.

Narudi kwa hoja ya wenzangu kwamba ahadi ilikuwa "jina la mtandao", na jina sasa ni Yas. Ni kweli sentensi ilisema hivyo. Lakini chini yake palikuwa na jedwali, na jedwali lilisema `"Tigo"`. Ahadi moja ikiwa na tafsiri mbili, mtunzaji asichague ile inayomrahisishia kazi. Achague ile ya mtu atakayeumia. Na hata andiko la semver lenyewe halikuacha jambo hili hewani. Katika sehemu yake ya maswali linauliza ufanye nini pale ambapo kurekebisha hitilafu kunairudisha maktaba kwenye ahadi yake ya asili lakini watumiaji wengi wamezoea ile tabia yenye hitilafu. Jibu lake ni kwamba utumie busara: kama wengi wataathirika vibaya, pandisha namba ya kwanza hata kama kwa sheria kali ingekuwa ni sahihisho tu, maana lengo la namba ni kufikisha maana.

Sasa niseme nilichofanya, maana kupandisha namba peke yake hakumsaidii mjomba.

Nilianza na 1.4.3 yenye TTCL iliyonyooka. Kisha nikatoa 1.5.0 yenye ile fankisheni mpya niliyoahidi kuieleza. Inaitwa `kitambulisho`, na hairudishi jina la biashara. Inarudisha namba ambayo kila mtandao wa simu hutambulika nayo kimataifa: 640 ni Tanzania, halafu tarakimu mbili za kampuni.

```python
kitambulisho("071...")   # "64002"
kitambulisho("078...")   # "64005"
```

Kwa nini namba na si jina? Kwa sababu majina ya mitandao yetu hayatulii. Waulizeni wakubwa zenu: kampuni yenye 64005 ilikuwa Celtel, mwaka 2008 ikawa Zain, mwaka 2010 ikawa Airtel. Majina matatu, namba moja. Aliyejenga programu yake juu ya jina angevunjikiwa mara mbili. Aliyejenga juu ya 64005 asingejua hata kama bango limebadilishwa rangi.

Katika 1.5.0 hiyohiyo, `mtandao` iliendelea kurudisha `"Tigo"` kama ilivyoahidi, ila ikaanza kutoa onyo kila inapoirudisha: jina hili litakuwa Yas katika toleo la 2.0.0, ukitaka kulinganisha tumia `kitambulisho`. Semver inataka hivyo: kitu kinachoelekea kubadilika kitangazwe kwanza katika toleo la katikati, watu wapate muda wa kuhama. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo watunzaji wapya hawalijui. Python ina onyo liitwalo `DeprecationWarning`, lakini kwa kawaida hulificha, isipokuwa limetokana na msimbo wa faili kuu linaloendeshwa. Onyo lisiloonekana ni sawa na tangazo lililobandikwa ndani ya kabati. Nilitumia `FutureWarning`, ambalo linaonyeshwa hata kwa mtumiaji wa mwisho. Yule kijana wa Bulwa aliliona, akabadilisha mstari mmoja ukawa hivi:

```python
if kitambulisho(namba) == "64002":
```

Ndipo ikaja 2.0.0, yenye `"Yas"`. Na humo ndani nilifanya jambo ambalo kwangu ndilo la thamani kuliko lile neno lenyewe: niliandika upya ahadi. Maelezo ya `mtandao` sasa yanasema kwamba inarudisha jina la kuonyesha kwa binadamu, jina hilo linaweza kubadilika katika toleo lolote la katikati, na lisitumike kulinganisha. Maana yake ni kwamba Yas ikigeuka kitu kingine kesho, halitakuwa badiliko linalovunja tena. Litakuwa 2.1.0 na maisha yataendelea. Toleo la namba ya kwanza ni mahali pekee ambapo mtunzaji anaweza kuipunguza ahadi yake kwa haki, kwa sababu ni mahali pekee ambapo mtumiaji anakuja kwa hiari yake.

Sitaki mdhani `kitambulisho` ni dawa ya milele. Kampuni huuzwa na kuunganishwa. Mwaka 2015 Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo wakati huo, ilinunua hisa nyingi za Zantel, na Zantel ilikuwa na namba yake. Siku namba ya namna hiyo ikifutwa, nitalazimika kubadilisha jibu nililoahidi, na siku hiyo namba ya kwanza itapanda tena. Sawa tu. Itakuwa imepanda kwa sababu.

Wenzangu wana hoja moja ya mwisho, nayo naipa heshima yake. Wanasema kila unapopandisha namba ya kwanza unawaacha watu nyuma. Aliyeandika `~=1.4` hatapata tena marekebisho yako, atabaki 1.5 mpaka atakapoamka. Ni kweli, na hiyo ndiyo gharama. Kwa hiyo nimeilipa upande wangu: nimeandika kwenye maelezo kwamba mfululizo wa 1.5 utaendelea kupata marekebisho ya hitilafu mpaka misimu miwili ya iliki ipite. Ni kazi ya ziada kwangu, kurekebisha kitu kimoja mahali pawili. Lakini mtunzaji anayeogopa kazi hiyo akaingiza badiliko linalovunja ndani ya namba ndogo, hajaiondoa gharama. Ameihamisha tu, kutoka kwenye meza yake kwenda kwa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo mkiniuliza ndani ya 2.0.0 kuna nini, jibu langu ni hili: kuna neno moja lililobadilika, na kuna namba iliyosema wazi kwamba limebadilika. Wanaoandaa mradi wa mwaka wa tatu na kutaka kuuweka hadharani, anzeni na jedwali la mnachoahidi kabla ya kuandika 1.0.0. Chini ya hapo, kwenye 0 kitu, semver inawaruhusu kubadilisha lolote siku yoyote. Tumieni uhuru huo kutafuta ni jibu gani katika maktaba zenu ni la kuonyesha mtu na lipi ni la kulinganishia. Mimi jibu la pili nililipata Bulwa, kwenye mistari minne ya programu ya mtu anayenunua iliki.